Kabla Mdaiwa Hajapelekwa Jela

Katika magereza ya Kenya kuna wafungwa ambao hawakuiba, hawakupiga mtu, wala hawakushtakiwa na Serikali. Chakula chao hakilipiwi na Serikali pia. Hulipiwa na mtu yuleyule aliyeomba wafungwe, tena hulipa mwezi kwa mwezi, na pesa lazima zifike kabla mwezi haujaanza. Akichelewa au akichoka kulipa, mfungwa anaachiliwa aende zake.

Hao ni wadaiwa wa kesi za madai. Mtu alikopa, au alichukua bidhaa kwa mkopo, au alivunja mkataba, akashtakiwa na kushindwa. Hakimu akaandika kwamba alipe kiasi fulani, naye hakulipa. Njia moja ambayo sheria inampa mdai ni kuomba mdaiwa akamatwe na kuwekwa gerezani kwa muda usiozidi miezi sita. Kenya, njia hii imo katika Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21, kuanzia kifungu cha 38 hadi cha 43, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, Amri ya 22. Tanzania nayo ina sheria ya mwaka 1966, Sura ya 33, inayofanana sana na hiyo ya Kenya kwa sababu zote mbili zilichotwa katika sheria moja ya Uhindi ya mwaka 1908, ambayo Waingereza waliisambaza katika makoloni yao.

Wengi hudhani kwamba ukishindwa kesi ya deni na ukakosa pesa, jela inakungoja. Kuna wadai wanaoamini hivyo, na kuna mawakili wanaowaacha waendelee kuamini. Sheria yenyewe haisemi hivyo. Inauliza swali moja kabla ya lango la gereza kufunguliwa: huyu ameshindwa kulipa, au amekataa kulipa? Ulinzi wote utakaoelezwa hapa umejengwa juu ya swali hilo, na dhuluma nyingi hutokea pale linaporukwa.

Tarehe 27 Agosti 2010 Kenya ilizindua Katiba mpya. Mwezi mmoja hivi baadaye, shauri la mwanamke aliyekuwa amepelekwa jela kwa sababu ya deni lilifika mbele ya Jaji Martha Koome wa Mahakama Kuu jijini Nairobi, ambaye baadaye, mwaka 2021, alikuja kuwa Jaji Mkuu. Mwanamke huyo alikuwa tayari ameomba atangazwe mufilisi, na aliomba atolewe gerezani. Jaji Koome aliitazama ibara ya 2(6) ya Katiba mpya, inayosema kwamba mkataba wowote wa kimataifa ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Mmoja wa mikataba hiyo ni Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972. Ibara yake ya 11 inakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Jaji aliona kwamba kumfunga mdaiwa huyo kunakwenda kinyume na mkataba huo, akaamuru aachiliwe.

Uamuzi huo ulizua mjadala mkubwa. Baadhi ya mawakili walisema jela ya madai imekufa. Wadai nao waliuliza: je, yule tajiri anayeficha mali zake na kumcheka mdai barabarani, naye hataguswa?

Jibu lilikuja mwaka 2012 kutoka kwa Jaji David Majanja wa mahakama hiyohiyo. Yeye alisoma ibara ya 11 kwa makini na kuona kwamba uzito wake umo katika maneno “kwa sababu tu”. Mkataba unamlinda asiyeweza. Haumpi kinga anayeweza kisha akagoma, wala anayehamisha mali usiku ili ionekane hana kitu. Kwa hiyo, alisema, vifungu vya 38 na 40 haviivunji Katiba kwa kuwapo kwake tu, mradi mahakama ifuate kinga zilizoandikwa humo na mdaiwa apewe nafasi ya kweli ya kusikilizwa. Msimamo huo ndio ulioendelea kufuatwa na mahakama nyingi za Kenya, na ndio unaompasa msomaji kuuelewa, maana kinga zenyewe zimo ndani ya sheria ileile inayoruhusu kifungo.

Fikra hiyo ilikuwa imetamkwa Uhindi miaka zaidi ya 30 kabla. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kalamu ya Jaji V. R. Krishna Iyer, iliamua rufaa ya wadaiwa wawili dhidi ya Benki ya Kochini. Benki ilikuwa na hukumu mkononi. Mali za wadaiwa hao zilikuwa tayari zimezuiwa na zimewekwa chini ya msimamizi, lakini hati ya kuwakamata ikatolewa bila mtu yeyote kuchunguza kama wakati huo walikuwa na uwezo wa kulipa. Jaji Krishna Iyer alieleza kwamba kutolipa peke yake hakutoshi kumfunga mtu. Lazima kuwe na nia mbaya, yaani ana njia ya kulipa na anakwepa makusudi. Shauri likarudishwa chini ili uwezo wao uchunguzwe kwanza. Hukumu hiyo hutajwa mara kwa mara katika mahakama za Afrika Mashariki, na si ajabu, kwa kuwa maneno ya sheria yanayofasiriwa yana asili moja.

Basi sheria ya Kenya inataka nini hasa? Kifungu cha 38 kinasema kwamba mahakama haitaagiza mtu awekwe gerezani kwa hukumu ya kulipa fedha mpaka mambo mawili yatimie. Kwanza, mdaiwa apewe nafasi ya kueleza kwa nini asifungwe. Pili, hakimu aridhike, na aandike sababu zake, kwamba mojawapo ya hali tatu ipo. Hali ya kwanza ni mdaiwa kukwamisha utekelezaji wa hukumu, ama kwa kujiandaa kutoroka, ama kwa kuhamisha, kuficha au kuondoa mali yake kwa hila baada ya kesi kufunguliwa. Ya pili ni kwamba ana uwezo wa kulipa deni lote au sehemu kubwa yake, au alikuwa nao wakati wowote tangu hukumu itolewe, lakini anakataa au anapuuza. Ya tatu ni kwamba fedha zinazodaiwa alikabidhiwa kama mtu wa kuaminiwa, mfano wakili aliyeshika pesa za mteja wake au mweka hazina aliyeshika za chama, na alipaswa kutoa hesabu yake.

Maneno “aandike sababu zake” yanaweza kupita bila kutazamwa, lakini yana nguvu. Amri ya kifungo isiyo na sababu zilizoandikwa ina ufa tangu mwanzo, na ndiyo sehemu ya kwanza ambayo wakili mzuri huisoma anapoitwa kumtetea mtu aliyekwisha fungwa.

Ili kuona namna haya yanavyofanya kazi, tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru alichukua mabati na saruji kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla, asilipe. Akashtakiwa katika mahakama ya hakimu, akashindwa. Hukumu ni shilingi 480,000, na gharama za kesi ni 62,000. Jumla ni 542,000. Miezi minne inapita, hakuna kilicholipwa.

Muuzaji anarudi mahakamani na kuomba hukumu itekelezwe. Ana njia kadhaa: anaweza kuomba mali ya mdaiwa izuiwe na kuuzwa na dalali, au sehemu ya mshahara wake ikatwe, au pesa zake zilizo benki zishikwe. Yeye anachagua kifungo. Hapo mahakama haitoi hati ya kukamata moja kwa moja. Inatoa notisi inayomwita mdaiwa afike siku fulani aeleze kwa nini asipelekwe gerezani. Notisi hiyo hupelekwa na mtu aliyeidhinishwa kufikisha hati za mahakama, naye hurudi na kula kiapo cha maandishi kwamba ameifikisha: wapi, siku gani, saa ngapi, na ni nani aliyemwonyesha kwamba huyu ndiye mtu mwenyewe.

Kiapo hicho ndicho mlango ambao dhuluma hupitia zaidi. Mdaiwa amehama Nakuru, yuko Eldoret tangu mwaka jana. Kiapo kinasema alipokea notisi dukani kwake Nakuru, duka ambalo limefungwa miezi mingi. Siku iliyopangwa hatokei, kwa sababu hana habari. Mdai anaomba hati ya kukamata, na kwa kuwa kiapo kinaonekana kimekamilika, hati inatolewa. Mdaiwa anakuja kugundua kwamba kulikuwa na notisi wakati afisa wa mahakama akiongozana na askari anapomgusa bega sokoni. Mtu aliyepatwa na hali hiyo anapaswa kuomba kuiona nakala ya kiapo cha kufikisha notisi kabla ya jambo lingine lolote. Akiweza kuthibitisha kwamba siku ile na saa ile alikuwa kwingine, au kwamba mahali palipotajwa hapakuwa pake tena, anaweza kuomba hati ifutwe na asikilizwe upya. Risiti ya kodi ya nyumba ya Eldoret inaweza kumsaidia kuliko hotuba ndefu.

Kuna hila nyingine ambayo mawakili wa mijini wanaijua vizuri: kumkamata mdaiwa Ijumaa jioni. Mahakama zimefungwa, hakimu hayupo, na mtu atalala korokoroni mpaka Jumatatu. Jamaa zake, kwa hofu na aibu, wanachanga pesa usiku kucha, na deni linalipwa na dada au shemeji ambaye hakukopa senti. Ni kweli kwamba kifungu cha 40 kinaruhusu mdaiwa akamatwe saa yoyote na siku yoyote. Lakini kifungu hichohicho kinaagiza afikishwe mbele ya mahakama haraka iwezekanavyo, na Katiba, ibara ya 49, inaweka kikomo cha saa 24 kwa mtu aliyekamatwa, au mwisho wa siku ya kazi ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zinaishia nje ya muda wa mahakama. Kuitumia wikendi kama koleo la kuwabana ndugu ni kuigeuza sheria ifanye kazi ambayo haikutungwa kuifanya, na hakimu akiambiwa waziwazi namna mtu alivyokamatwa, ana kila sababu ya kulizingatia.

Kuhusu nyumba, sheria iko wazi zaidi. Afisa haruhusiwi kuingia katika nyumba ya kuishi baada ya jua kutua wala kabla halijachomoza. Haruhusiwi kuvunja mlango wa nje, isipokuwa nyumba ni ya mdaiwa mwenyewe naye anamzuia kuingia. Akiwa ndani tayari, na kuna chumba anachokaa mwanamke ambaye si mdaiwa na ambaye kwa mila zake hajitokezi hadharani, lazima ampe taarifa na muda wa kutosha wa kuondoka. Na hapo mlangoni, mdaiwa akitoa fedha zote za hukumu pamoja na gharama za kukamatwa, afisa anatakiwa amwachilie papo hapo. Kwa kuwa afisa anapaswa kuwa na hati mkononi, mdaiwa ana haki ya kuisoma: imetoka mahakama gani, ina muhuri na sahihi, inataja jina lake sawasawa, na inadai kiasi gani. Askari anayesema “twende kituoni kuna mtu unamdai hujamlipa” bila hati yoyote ya mahakama hatekelezi hukumu ya madai. Deni la kawaida halimpi polisi mamlaka ya kumshika mtu. Wapo wadai wanaokwenda kituoni kulibandika deni jina la ulaghai ili polisi wawafanyie kazi ya ukusanyaji, na hiyo ni njia chafu, hata kama mdai anadai haki yake.

Turudi kwa mwenye duka wa Nakuru. Tuseme notisi imemfikia kweli na amefika mahakamani. Sasa linakuja swali lenyewe, la uwezo, nalo hujibiwa kwa ushahidi. Mdai ndiye anayeomba mtu anyimwe uhuru, kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba moja ya hali zile tatu ipo. Anaweza kutafuta kumbukumbu za umiliki wa magari na za ardhi, anaweza kuleta picha za ujenzi unaoendelea, na anaweza kuomba mdaiwa ahojiwe kwa kiapo kuhusu mali na mapato yake. Mdaiwa naye huleta hati ya kiapo inayoeleza hali yake: taarifa ya benki na ya M-Pesa, hati ya mshahara, kodi ya nyumba, karo za watoto, madeni mengine.

Katika sura ya kwanza ya mfano wetu, taarifa zinaonyesha kwamba duka lilikufa. Mdaiwa sasa ameajiriwa katika duka la mtu mwingine, anapata shilingi 45,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba inakula 12,000, karo na chakula vinakula sehemu kubwa ya zinazobaki. Nyumbani ana vitanda, vyombo vya kupikia, na sanduku la vifaa anavyotumia kazini. Mdai anaweza kusema kwamba auze hivyo. Sheria inakataa. Nguo, vitanda, matandiko na sufuria za familia, na vifaa vya lazima vya kazi ya mtu, ni mali ambayo kifungu cha 44 kinaikinga isizuiwe, na theluthi mbili za mshahara zinakingwa vilevile. Maelezo yaliyo chini ya kifungu cha 38 yanasema wazi kwamba mali iliyokingwa haihesabiwi wakati wa kupima uwezo wa mdaiwa. Hakimu hawezi kumwambia mtu “una uwezo” kwa kumhesabia godoro analolalia watoto wake.

Mtu wa namna hii hastahili gereza. Kanuni za Amri ya 22 zinampa hakimu mamlaka ya kukataa ombi la kifungo pale mdaiwa anaposhindwa kulipa kwa sababu ya umaskini au sababu nyingine ya kutosha. Mdaiwa pia anaweza kuomba, chini ya Amri ya 21, kulipa kwa awamu, na mahakama inaweza kukubali hata kama mdai hataki, ikiwa sababu inatosha. Akiomba kulipa 15,000 kwa mwezi, 542,000 zitamalizika katika mwezi wa 37. Mdai ataona ni muda mrefu, na ni kweli ni mrefu. Lakini akimfunga, mshahara ule wa 45,000 unakufa siku hiyohiyo, na yeye ndiye atakayeanza kutoa pesa za chakula. Ikiwa mahakama itapanga, tuseme, shilingi 300 kwa siku, hizo ni 9,000 kwa mwezi na 54,000 kwa miezi sita. Sheria inamruhusu mdai kuziongeza juu ya gharama za kesi, lakini inamkataza kumfanya mdaiwa akamatwe au abaki gerezani kwa ajili ya fedha hizo za chakula.

Tubadilishe sura ya pili. Mdaiwa ni yuleyule, deni ni lilelile, mshahara ni uleule. Lakini kumbukumbu za magari zinaonyesha kwamba wiki tatu baada ya kupokea wito wa kesi, aliihamishia gari lake la mizigo kwa kaka yake. Hati inataja bei ya 150,000, ingawa magari ya namna hiyo yalikuwa yakiuzwa karibu na 600,000. Kaka anakiri kwamba hakulipa chochote, na gari bado linaonekana kila asubuhi likipakia mchanga, usukani ukishikwa na mdaiwa mwenyewe. Umaskini aliouapia sasa una maelezo mengine. Aliihamisha mali baada ya kesi kufunguliwa, na nia ya kumnyima mdai inaonekana katika bei, katika wakati na katika matumizi. Hapa hakimu ana msingi wa kuagiza kifungo, naye ataandika mambo hayo hasa katika uamuzi wake. Hata hivyo, katika mazoea mazuri hakimu humpa mtu huyo nafasi fupi ya kurekebisha, kwa mfano kulirudisha gari liuzwe, kwa sababu lengo la utaratibu wote ni mdai alipwe.

Tofauti ya sura hizo mbili haikuonekana katika ukubwa wa deni wala katika kiburi cha mdaiwa mahakamani. Ilipatikana katika karatasi, na ndiyo maana usikilizwaji wa dakika tano, ambapo mdaiwa anaulizwa “utalipa lini?” kisha anapelekwa ndani, si usikilizwaji unaokusudiwa na kifungu cha 38. Swali la “lini” linachukulia kwamba uwezo upo. Hakimu anatakiwa aulize kwanza kama upo.

Kuna mtego mwingine unaowanasa watu ambao hata si wadaiwa. Kampuni inashtakiwa, inashindwa, haina kitu benki, na mdai anaomba mkurugenzi wake akamatwe. Kampuni na mkurugenzi ni watu wawili mbele ya sheria. Mahakama inaweza kumwita mkurugenzi ahojiwe kwa kiapo kuhusu mali na vitabu vya kampuni, na akigoma kufika anaweza kupata matatizo yake mwenyewe. Lakini deni haliwi lake mpaka mahakama iridhike, baada ya kumsikiliza, kwamba ameitumia kampuni kama kificho cha ulaghai na iamue kumwajibisha yeye binafsi. Hati ya kumkamata mkurugenzi kwa deni la kampuni, bila uamuzi huo, inafaa kupingwa mara moja.

Tanzania, ambako mfungwa wa namna hii huitwa mfungwa wa madai, njia ni karibu ileile. Kifungu cha 44 cha Sura ya 33 kinahusu ukamataji, cha 45 kinahusu posho ya chakula, cha 46 muda wa kukaa gerezani na kuachiliwa, na cha 47 ugonjwa. Amri ya XXI inaeleza jinsi mdaiwa anavyoitwa kutoa sababu na jinsi mahakama inavyoweza kukataa kumfunga aliyeshindwa kwa umaskini. Tanzania ilijiunga na mkataba ule wa kimataifa mwaka 1976, kwa hiyo ibara ya 11 inaihusu pia. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1995 Mahakama yake ya Katiba ilibatilisha utaratibu wa kuwafunga wadaiwa uliokuwa katika sheria ya mahakama za mahakimu, hasa kwa sababu ulikuwa mpana mno: uliweza kumnasa hata mtu ambaye hakujua haki zake wala hakuwa na uwezo wowote wa kulipa. Kosa lililoonekana huko ndilo hasa ambalo kifungu cha 38 cha Kenya kinajaribu kulizuia kwa maandishi. Linabaki suala la kila hakimu, kila asubuhi, kuyafuata.

Tuseme sasa amri imetolewa, na mdaiwa wa sura ya pili yuko gerezani. Kuna njia kadhaa za kutoka kabla ya miezi sita. Fedha zikilipwa kwa mkuu wa gereza, anatoka. Hukumu ikitimizwa kwa njia nyingine, au mdai mwenyewe akiomba aachiliwe, anatoka. Posho ya chakula isipolipwa, anatoka. Akiugua sana, kifungu cha 43 kinairuhusu mahakama ifute hati kabla hajakamatwa, au imwachilie akiwa tayari ndani, ingawa aliyeachiliwa kwa ugonjwa anaweza kukamatwa tena akipona, mradi jumla ya siku zake isipite muda uliowekwa. Na kama amri ilitolewa bila notisi au bila sababu kuandikwa, wakili wake anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri hiyo isimamishwe.

Mtu asiye na mali ya kuuza wala kipato cha kutosha kulipa kwa awamu ana njia nyingine nje ya kesi hiyo, ambayo watu wengi hawaijui: Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Inampa mtu binafsi utaratibu wa kutangazwa mufilisi, na ina utaratibu mwepesi kwa wadaiwa wasio na mali kabisa. Una masharti na una gharama yake kwa jina la mtu, lakini ni afadhali kuuanza mapema kuliko kuungoja mpaka hati ya kukamata iwe mfukoni mwa afisa.

Miezi sita ikiisha bila malipo, lango linafunguliwa na mdaiwa anarudi nyumbani. Deni lake halijafutika hata shilingi moja. Mdai bado anaweza kuzuia gari, kiwanja au akaunti atakayoipata, kesho au baada ya miaka miwili. Kitu kimoja hawezi tena: kwa hukumu ileile, hawezi kumkamata mtu huyo mara ya pili.